Urefu wa Video Unapopewa Sifa Isiyo Yake

Katika makundi ya watengeneza video kuna ushauri unaorudiwa sana: refusha video ipite dakika 8, watazamaji wataongezeka. Anayeutoa huwa na jedwali mkononi. Safu moja ina urefu wa kila video, nyingine idadi ya waliotazama, na mchoro unapanda waziwazi kadiri dakika zinavyoongezeka. Jedwali lenyewe halina kosa. Kosa liko katika kile linachosemeshwa.

Namba hiyo 8 ina historia yake. Hadi Julai 2020, YouTube iliruhusu matangazo ya katikati kwenye video zilizofikia dakika 10 tu. Mwishoni mwa mwezi huo kiwango kikashushwa hadi dakika 8. Matangazo hayo humwingizia fedha mwenye chaneli iliyokubaliwa katika mpango wa washirika, na tangu 2018 kugawana mapato hayo kumedai angalau watu 1,000 waliojiunga na chaneli. Basi anayejitahidi video yake ivuke mstari huo kwa sekunde chache, mara nyingi ni mtu ambaye tayari ana hadhira na anajua kazi. Watazamaji alikuwa nao kabla hajaamua urefu.

Chukua mfano wa namba za kubuni. Chaneli moja ya mapishi ina wafuatiliaji wengi. Video zake nne ni za dakika 9, 11, 13 na 15, nazo zimetazamwa mara 62,000, 58,000, 51,000 na 47,000. Chaneli nyingine ya mapishi ndiyo kwanza inaanza: video za dakika 2, 3, 4 na 5, zilizotazamwa mara 900, 850, 700 na 650. Zikichanganywa zote nane, video ndefu zina wastani wa 54,500 na fupi 775, tofauti ya takriban mara 70. Mtu akiona hivyo atakimbilia kurefusha.

Sasa zitenganishwe. Ndani ya chaneli kubwa, kila video ilivyorefuka ndivyo ilivyotazamwa kidogo. Ndani ya chaneli changa, hali ni hiyohiyo. Mchoro uliokuwa ukipanda umegeuka, na hakuna hata namba moja iliyobadilishwa. Kilichoondolewa ni tofauti ya ukubwa wa chaneli, ambayo ndiyo iliyobeba watazamaji tangu mwanzo. Wanatakwimu huiita hali hii kitendawili cha Simpson, na ndiyo inayopaswa kutafutwa kwanza kila chaneli nyingi zinapowekwa kwenye jedwali moja.

Hata hivyo, mteremko huo nao usiaminiwe haraka. Huenda video za dakika 15 zilihusu vyakula visivyotafutwa na wengi. Huenda zilipakiwa juzi, na zile za dakika 9 zina mwaka mzima hewani. Kwa hiyo kila video ihesabiwe kwa muda uleule, kwa mfano siku 28 za kwanza, na zilinganishwe zenye mada zinazokaribiana. Video fupi za wima zitengwe kabisa: tangu Machi 31, 2025, YouTube huhesabu Shorts imetazamwa kila inapoanza kucheza au kujirudia, kipimo ambacho video ya kawaida haina.

Tena yafaa kukumbuka mpangilio wa matukio. Mtu hubofya kabla hajatazama. Anachokiona ni kichwa, picha ya jalada, na dakika zilizoandikwa kwa tarakimu ndogo pembeni. Urefu unaweza kumvuta au kumkimbiza hapo, lakini nguvu yake kubwa huja baadaye, katika muda anaobaki na jinsi mfumo unavyompendekezea mwingine. Kwenye YouTube Studio, muda huo wa kubaki unasomeka katika `Average view duration`. Video ikirefushwa kutoka dakika 6 hadi 9 na wastani wa kutazama ukabaki dakika 3, zile 3 za nyongeza hazijampa mtazamaji sababu ya kukaa zaidi.

Njia ya kukaribia kisababishi ni kuingilia kati kwa bahati nasibu. Mtengenezaji aandae mada 20 zinazofanana, na kabla ya kuhariri kila moja arushe sarafu: upande mmoja dakika 6, mwingine dakika 9. Ratiba na mtindo wa majalada visibadilike. Baada ya siku 28 alinganishe video ya katikati ya kila kundi, maana video moja iliyosambaa ghafla inaweza kuupotosha wastani wote. Sarafu haijui mada ipi ni tamu wala wiki ipi ina mechi kubwa, kwa hiyo mambo hayo hayaelemei kundi moja kwa makusudi, ingawa kwa video 20 tofauti ndogo bado yaweza kuwa bahati tu.

Na majibu yatakayopatikana yatahusu uhariri wa mtu huyo. Dakika haziongezeki tupu: mwingine akizijaza kwa kuonyesha jinsi tui linavyokatika jikoni, na mwingine kwa salamu ndefu, wote wawili wataandika 9 kwenye safu ileile.