Sifa za Mtunza Rejesta ya Mabadiliko

Nyongeza ya zabuni kwa kawaida ni fupi: kurasa mbili au tatu, mhuri, sahihi ya afisa masuuli, na vifungu kadhaa vilivyofutwa au kuandikwa upya. Mwenye haraka huipitia mara moja, akasema "wamesogeza tarehe tu," akaitia kwenye faili. Namsifu mwenzake, yule anayekaa na nyongeza upande mmoja na hati ya awali upande wa pili, akajaza rejesta ya mabadiliko mpaka kila neno lililoguswa lipate mstari wake na mtu wa kulishughulikia.

Rejesta yenyewe ni jedwali la kawaida la kompyuta. Kila mstari una namba ya nyongeza, kifungu kilichoguswa, maneno ya zamani, maneno mapya, kinachoathirika kwenye zabuni yetu, na jina la mhusika. Fundi wa kazi hii hunakili maneno ya zamani na mapya kama yalivyo, bila kuyafupisha. Hati ya awali ikidai uzoefu wa "miradi miwili ya aina hii," na nyongeza ikasema "miradi miwili ya aina hii iliyokamilika," anayefupisha ataandika "uzoefu: miradi miwili" na hataona tofauti. Aliyenakili neno kwa neno ataliona lile moja lililoongezwa, na atajua papo hapo kwamba mradi uliofikia asilimia 90 hauwezi tena kuhesabiwa.

Lakini kunakili ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutafuta vilivyoguswa bila kutajwa. Hiyo tarehe iliyosogezwa "tu" inatosha kuonyesha. Tuseme mwisho wa kuwasilisha ulikuwa 12 Machi, zabuni iwe hai kwa siku 120 kuanzia siku hiyo, na dhamana ya zabuni iishi siku 28 zaidi, kama nyaraka za mfano za Benki ya Dunia zinavyotaka. Mkandarasi makini ameshakwenda benki mapema na kuchukua dhamana inayoishia 7 Agosti. Inakuja nyongeza yenye sentensi moja: mwisho wa kuwasilisha sasa ni 26 Machi. Dhamana haikutajwa popote. Hata hivyo, uhai wa zabuni umehamia 24 Julai, na dhamana inatakiwa kufika 21 Agosti. Ile iliyo mkononi imepungukiwa na siku 14, na dhamana yenye upungufu wa muda ni sababu ya kuitupa zabuni hata kama bei yake ni nzuri kuliko zote. Ndiyo maana kwenye rejesta nzuri mabadiliko ya tarehe hayakai mstari mmoja. Yanazaa mstari wa uhai wa zabuni, wa dhamana, na wa uhalali wa nukuu za bei za wauzaji, na kila mmoja una mtu wake. Ikiwa hati imeandika uhai wa zabuni kwa tarehe kamili badala ya idadi ya siku, hesabu ni nyingine, na hilo nalo linaandikwa.

Upande wa ufundi ndiko ninakoipenda zaidi kazi hii, kwa sababu anayeifanya hulazimika kujua vitu vinavyoungana chini ya maneno. Chukua mradi wa maji wenye bomba la plastiki la PE100, kipenyo cha nje milimita 110, daraja la shinikizo PN10. Nyongeza inafuta kipengele hicho kwenye jedwali la vipimo na kuweka PN16, mita zilezile. Wa bei anabadilisha bei ya bomba na kuona amemaliza. Mtunza rejesta anafungua jedwali la mtengenezaji. Kipenyo cha nje hakikubadilika, ila ukuta wa bomba umetoka milimita 6.6 hadi 10, hivyo nafasi ya maji kupita imepungua kutoka milimita 96.8 hadi 90. Kwa mtiririko uleule, upotevu wa nguvu kwa msuguano unapanda kwa takriban asilimia 40. Kwa hiyo pampu iliyochaguliwa kwa bomba la kwanza huenda haitafikisha maji kwenye tangi, na nyongeza haikusema neno juu ya pampu. Haikusema pia juu ya valvu na viungio, ambavyo masharti ya kiufundi na michoro bado vinavitaja kwa PN10.

Hapo anafungua mistari ya pampu, valvu na michoro, na mbele ya kila mmoja anaandika: "haijaguswa, inagongana." Halafu anatuma swali kwa taasisi kabla dirisha la maswali halijafungwa. Hajazi mwenyewe pengo aliloachiwa. Dirisha likiwa limeshafungwa, anarudi kwenye kifungu cha hati kinachosema sehemu ipi inatawala zinapogongana, na anaandika kwenye rejesta kwamba bei imejengwa juu ya kifungu hicho.

Majibu ya maswali yanataka jicho la aina yake. Mzabuni mmoja ameuliza kama uchimbaji kwenye mwamba utalipwa peke yake, na taasisi imejibu, bila kumtaja muulizaji, kwamba uhesabiwe ndani ya bei ya kulaza bomba. Karatasi imeandikwa "ufafanuzi," lakini fedha zimehama. Kwa nyaraka za Benki ya Dunia, jibu linalogeuza mambo ya msingi ya hati linapaswa kufuatiwa na nyongeza rasmi, na mabadiliko yanayotokana na mkutano wa awali wa wazabuni hupita kwenye nyongeza pekee. Muhtasari wa mkutano hautoshi. Mtunza rejesta huuweka mstari kama huo rangi tofauti, na kuomba kwa maandishi utolewe rasmi. Ahadi iliyosemwa na mhandisi wakati wa kukagua eneo la kazi haiingii kwenye rejesta mpaka iwe na namba.

Wakati mwingine taasisi hutoa upya faili zima la vipimo na bei, na barua inataja vipengele vitatu tu vilivyobadilika. Barua isiaminiwe peke yake. Karatasi ya zamani na mpya huwekwa kwenye kitabu kimoja cha Excel, na maelezo hulinganishwa mstari kwa mstari:

```
=EXACT(Awali!C12,Mpya!C12)
```

Kila `FALSE` inafunguliwa na kusomwa. Mstari mmoja ukiwa umepachikwa katikati, vyote vya chini yake vitaonekana vimebadilika, na hiyo ndiyo dalili ya kuvioanisha kwanza kwa namba ya kipengele kabla ya kulinganisha tena. Safu ya kiasi na ya kipimo nazo zilinganishwe. Mita ikigeuka kuwa mita ya ujazo, bei yote imeharibika.

Nyongeza ya tatu inaweza kuibatilisha ya kwanza. Mstari wa zamani haufutwi. Unaandikiwa namba ya nyongeza iliyoubatilisha, ili wa bei, wa benki na wa ratiba wajue kwa nini walichokifanya wiki iliyopita kinabadilishwa tena.

Nchini Kenya, kifungu cha 75 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 kinaihesabu nyongeza kuwa sehemu ya hati za zabuni. Barua ya zabuni katika nyaraka za Benki ya Dunia nayo humfanya mzabuni atamke kwamba amezichunguza hati pamoja na nyongeza zake na hana pingamizi. Basi wewe unayeandaa zabuni, kabla mkurugenzi hajasaini barua hiyo, mwekee rejesta mezani, na usimpe kalamu mpaka kila mstari uwe umefungwa na mhusika wake.