Fundi wa Ukurasa Mmoja

Tarehe 11 Juni 2019, Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iliyoko Entebbe ilithibitisha Ebola kwa mtoto wa miaka 5 aliyevuka mpaka na jamaa zake kutoka Kongo. Alipokelewa kwanza Hospitali ya Kagando, wilayani Kasese, kisha akahamishiwa Bwera, jirani na mpaka wa Mpondwe. Habari zilimtaja mtoto, mpaka na maabara. Kazi iliyo katikati haikupata nafasi: damu ichukuliwe, ifungashwe, isafiri zaidi ya kilomita 350, na njiani isimguse mtu.

Kazi hiyo ina mwongozo wake, na mwongozo wa maabara, tuseme kweli, huandikwa kwa kumfikiria mkaguzi kabla ya mfanyakazi. Madhumuni, wahusika, vifaa, usalama, utaratibu, viambatisho: kila kitu kina sura yake. Mikono ya mtu haifuati sura. Ndiyo maana namsifu yule anayeketi na kurasa hizo zote akatoka na ukurasa mmoja wa kubandika ukutani.

Tazama sentensi ya aina hii, ambayo miongozo imejaa: “Kichupa kitawekwa kwenye chombo cha pili baada ya kufutwa kwa klorini na kuzungushiwa nyenzo ya kunyonya.” Haina kosa, ila inakwenda kinyumenyume. Anayeisoma huku miwani ya kinga imejaa ukungu hukutana na “kitawekwa” kabla ya “kufutwa”. Fundi huivunja vipande vitatu: Futa kichupa kwa klorini. Kizungushie nyenzo ya kunyonya. Kitie kwenye chombo cha pili, ufunge. Maneno yamepungua kidogo tu. Kilichobadilika ni mpangilio, ambao sasa ni ule wa mikono.

Tahadhari ni ngumu zaidi. Katika mwongozo zimekusanywa sura moja, mbali na hatari zenyewe. Katika muhtasari kila moja huhamia kwenye hatua yake, na hukaa juu ya hatua hiyo. “Usirudishe kifuniko cha sindano” ikiandikwa chini ya “toa sindano mshipani” imechelewa, kwa kuwa mkono umeshakwenda. Iandikwe kabla, pamoja na mahali sefti boksi lilipo: karibu na mkono, si mlangoni.

Kuna vitu visivyofupishwa, na tarakimu ndizo za kwanza. Klorini ya asilimia 0.5 ni ya vifaa na nyuso, ya 0.05 ni ya mikono. Sifuri moja ikipotea katika kunakili, mtu atafuta kichupa chenye damu kwa maji dhaifu mara kumi kuliko yanayotakiwa. Hata kipimo cha kuchanganya kiandikwe kamili: kwa jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji hutoa 0.5. Jiki ya nguvu nyingine ina hesabu nyingine, kwa hiyo chupa isomwe kwanza.

Halafu ukaguzi wa kabla ya kuanza. Hapa fundi hujiuliza swali moja: ni nini hakiwezi kurekebishwa mtu akishavaa glavu na kuingia? Kichupa kiwe cha plastiki, kwa sababu cha kioo huvunjika. Kiwe kimeandikwa jina na namba ya mgonjwa tayari, maana kalamu iliyoingia chumba cha mgonjwa haitoki tena. Awepo mwenzake wa nje, amevaa glavu, wa kushika chombo cha pili kikiwa wazi ili kichupa kitumbukizwe bila yeye kukigusa. Fomu ibaki nje pamoja naye. Fomu husafiri kati ya chombo cha pili na boksi la nje. Ikifungwa pamoja na kichupa kikavuja, mpokeaji wa Entebbe atakuwa na karatasi asiyoweza kuishika.

Muhtasari hupimwa kwa mazoezi. Mmoja asome kwa sauti, mwingine atende, kichupa kikiwa na maji. Kusoma kuwe kwa lugha wanayofanyia kazi, iwe Lhukonzo au Kiswahili cha mpakani. Kila mtendaji anaposimama na kuuliza “sasa hii naiweka wapi?”, kuna hatua iliyokatwa isivyostahili. Chini ya ukurasa ibaki namba ya toleo la mwongozo na tarehe yake, ili mwongozo ukibadilishwa karatasi ya zamani ibanduliwe.

Swali moja la ukaguzi huonekana la kikarani, na mwenye haraka hulikata: je, fomu ina tarehe ya kuanza kwa dalili? Damu iliyochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze yaweza kutokuwa na virusi vya kutosha kuonekana, hivyo jibu la “hakuna Ebola” halitoshi. Mgonjwa hubaki ametengwa na kupimwa tena. Bila tarehe hiyo, daktari wa Bwera hana msingi wa kuamua kama amruhusu mgonjwa kwenda nyumbani.