Jibu Linatoka Wapi? Picha Zilezile, Njia Tatu za Kuifundisha Mashine

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza huingia kwenye mtihani wa ujifunzaji wa mashine wakiwa wamekariri mistari mitatu: ujifunzaji unaosimamiwa hutumia data yenye lebo, usiosimamiwa hutumia data isiyo na lebo, na unaojisimamia uko katikati ya hiyo miwili. Mistari miwili ya kwanza itakuvusha kwenye maswali mepesi. Wa tatu utakuangusha, kwa sababu ujifunzaji unaojisimamia nao huanza na data isiyo na lebo hata moja, na ukiulizwa basi unatofautianaje na ule usiosimamiwa, utabaki huna la kuandika.

Kuna swali moja linalozitenganisha njia zote tatu bila kukuacha njia panda. Mashine inapofunzwa, lazima kuwe na kosa linalopimwa na kupunguzwa hatua kwa hatua. Jiulize: kosa hilo linapimwa kwa kulinganisha nini na nini, na jibu linaloitwa sahihi limetoka wapi? Tulijaribu swali hilo kwenye data moja, picha zilezile, tukizipitisha katika njia zote tatu.

Data inayofaa ni MNIST, ambayo huenda umeshakutana nayo maabara. Ni picha 70,000 za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, kuanzia 0 hadi 9: 60,000 za kufunzia na 10,000 za kupimia. Waandishi wake walikuwa wafanyakazi wa ofisi ya sensa ya Marekani na wanafunzi wa sekondari wa huko. Kila picha ina pikseli 28 kwa 28, yaani namba 784, kila moja ikieleza weupe au weusi wa nukta moja. Pamoja na kila picha kuna lebo, yaani tarakimu ambayo picha hiyo inawakilisha. Kwenye kompyuta, picha huitwa `X` na lebo huitwa `y`.

Sasa tazama jinsi njia hizo tatu zinavyoandikwa kwa Python, `mtandao` ukiwa mtandao wa neva ulioundwa tayari:

```python
LogisticRegression(max_iter=1000).fit(X, y)

KMeans(n_clusters=10).fit(X)

picha = X.reshape(-1, 28, 28)
k = np.random.randint(4, size=len(picha))
Xz = np.array([np.rot90(p, n) for p, n in zip(picha, k)])
mtandao.fit(Xz, k)
```

Mstari wa kwanza una `y`. Wa pili hauna. Sehemu ya tatu haina `y` lakini ina `k`, na `k` hiyo hakuiandika mtu yeyote: programu yenyewe imeizalisha. Tofauti yote iko hapo, na kila kitu kingine kinafuata.

Tuanze na mstari wa kwanza. Mashine inapewa picha ya 5 na kutoa namba kumi, kila moja ikiwa ni uwezekano wa tarakimu moja. Tuseme mwanzoni tarakimu 5 imepewa uwezekano wa 0.2. Kosa hupimwa kwa kuchukua logi asilia ya uwezekano huo na kuigeuza alama, `-ln(0.2)`, ambayo ni karibu 1.61. Uzito wa modeli unarekebishwa kidogo, picha nyingine zinapita, na baada ya muda 5 ileile inapewa 0.9. Kosa limeshuka hadi karibu 0.11. Modeli hii rahisi hufika usahihi wa takribani asilimia 92 kwenye picha za kupimia. Jibu sahihi lilitoka kwa binadamu aliyeiwekea picha lebo, na ndiyo maana tunasema kuna usimamizi. Gharama yake iko hapohapo: lazima mtu azipitie picha zote, na akikosea lebo, mashine itajifunza kosa lake kwa uaminifu uleule.

Mstari wa pili unafanya kazi ya aina nyingine kabisa. Hapa tunaificha `y` na kuiambia mashine izigawe picha katika makundi kumi. Algorithimu ya K-means huanza na vitovu kumi, kisha hurudia hatua mbili: kila picha inapelekwa kwenye kitovu kilicho karibu nayo zaidi, halafu kila kitovu kinahamishwa hadi kwenye wastani wa picha zilizoangukia kwake. Umbali ni jumla ya miraba ya tofauti za pikseli, moja baada ya nyingine. Kosa lipo hapa pia, na linapungua kila mzunguko, lakini linapima umbali kati ya picha na wastani wa kundi lake. Wastani huo umetokana na picha zenyewe. Hakuna popote panaposemwa kwamba picha fulani ilipaswa kuwa kundi fulani, kwa hiyo hakuna jibu la kukosa.

Matokeo yake yanafundisha sana. Ukivichora vitovu kumi baada ya mashine kumaliza, utaona tarakimu zenye ukungu. Sifuri huwa inajitokeza vizuri. Tarakimu 4, 7 na 9 huchanganyika, kwa kuwa zote zina mstari unaoshuka upande wa kulia na pikseli zao zinafanana. Tarakimu 3, 5 na 8 nazo hupeana nafasi. Tarakimu 1 mara nyingi hugawanyika makundi mawili, iliyosimama na iliyoinama upande, kwa sababu kipimo chetu ni pikseli, na kwa pikseli mstari uliosimama na mstari ulioinama viko mbalimbali. Ukizirudisha lebo sasa na kulipa kila kundi jina la tarakimu iliyo nyingi ndani yake, usahihi huwa kati ya nusu na asilimia 60 hivi.

Hapo pana mitego miwili ambayo watunga mitihani huipenda. Kundi lililopewa namba 3 na kompyuta halina uhusiano wowote na tarakimu 3. Ukiendesha programu upya kwa mwanzo tofauti, namba za makundi zitabadilika. Na kutumia lebo baadaye ili kupima makundi hakuigeuzi K-means kuwa ujifunzaji unaosimamiwa. Kinachoangaliwa ni kile kilichotumika wakati wa kufunza. Ndiyo sababu pia usiichanganye na majirani walio karibu, k-NN: herufi `k` ni ileile, lakini k-NN huamua kwa lebo za majirani, hivyo inasimamiwa.

Sehemu ya tatu inastahili nafasi kubwa zaidi. Hatuna lebo, ila tunataka mashine iwe na jibu la kulenga. Tunalitengeneza kutoka kwenye data yenyewe: tunaichukua kila picha, tunaizungusha nyuzi 0, 90, 180 au 270 bila mpangilio, na kuiuliza mashine picha imezungushwa kiasi gani. Jibu tunalijua bila kumlipa mtu, maana sisi ndio tuliozungusha. Mbinu hii ilichapishwa na Gidaris, Singh na Komodakis mwaka 2018. Hesabu ya kosa ni ileile ya mstari wa kwanza, logi ya uwezekano wa jibu sahihi, tofauti ikiwa kwamba majibu ni manne badala ya kumi. Kwa umbo la hesabu, basi, njia hii ni ndugu wa ujifunzaji unaosimamiwa. Kwa data inayohitaji, ni ndugu wa usiosimamiwa.

Hakuna anayehitaji mashine ya kutambua mizunguko. Zoezi hilo ni la kuilazimisha itambue maumbo: pembe ya 7 iko wapi, tumbo la 5 limeelekea wapi. Mafunzo yakiisha, tunaikata tabaka ya mwisho ya mtandao, tunazibakiza tabaka za chini, na kuweka juu yake tabaka mpya ndogo inayofunzwa kwa lebo chache, tuseme 10 kwa kila tarakimu, jumla 100. Ili kujua kama zoezi lilisaidia, funza mtandao mwingine wa umbo lilelile kuanzia sifuri kwa lebo zilezile 100, kisha linganisha usahihi wa yote miwili kwenye picha za kupimia. Usahihi wa kutambua mizunguko peke yake hauthibitishi chochote.

MNIST pia inaonyesha udhaifu wa zoezi hili. Izungushe 6 nyuzi 180 nayo inakuwa 9. Mashine ikiona umbo la 9, haina namna ya kujua kama ni tisa iliyosimama wima au sita iliyopinduliwa. Sifuri, nane na moja iliyonyooka zinaonekana vilevile ziwe wima au kichwa chini. Ukichambua makosa tarakimu kwa tarakimu, utayakuta yamerundikana kati ya nyuzi 0 na 180, kwenye tarakimu hizo hasa. Waandishi wa mbinu hii walitumia picha za kawaida za vitu na wanyama, ambazo juu na chini yake hujulikana. Zoezi lazima lichaguliwe kwa kuiangalia data.

Kwenye maandishi, zoezi moja maarufu ni kuficha neno. BERT, modeli iliyotolewa na Google mwaka 2018, huchagua asilimia 15 ya vipande vya maneno, vingi kati ya hivyo huvibadilisha kuwa `[MASK]`, na kutakiwa kukisia kilichokuwepo. Chukua sentensi "Vitabu vyangu vimepotea njiani" na ufiche neno la pili. Majibu kama vyangu, vyake, vyote au vipya yanafaa. Wangu na changu hayafai. Ili ipunguze kosa, modeli inalazimika kuzingatia vi- ya kabla na vi- ya baada, na hivyo kuanza kushika upatanisho wa ngeli bila mtu kuiwekea alama ya ngeli hata moja. Toleo la BERT la lugha nyingi lilisomeshwa Wikipedia za lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo, kwa zoezi hilohilo.

Jambo la mwisho la kukutahadharisha ni majina. Makala ya GPT-2 ya mwaka 2019 iliuita ujifunzaji wake usiosimamiwa, ingawa modeli ile hukisia neno linalofuata, na neno hilo ni jibu lililotoka kwenye maandishi yenyewe. Vitabu vingi bado huweka unaojisimamia kama tawi la usiosimamiwa. Kama maelezo ya mwalimu wako yanafanya hivyo, yafuate, kisha ongeza sentensi moja kwenye jibu lako: kuna jibu linalolengwa, nalo limetolewa kwenye data yenyewe wala si kwa binadamu aliyeweka lebo.