Nani Ataitwa Abiria?

Dere, Kange, Manamba, Skwodi na Abiria. Soma hayo majina tena, polepole, kisha uniambie ni nani kati ya hao watano atakuwa ameacha krew kabla ya mwaka kuisha.

Mimi niliyaona kwa mara ya kwanza yakiwa yameandikwa na kalamu nyuma ya risiti ya supamaketi, juu ya paa la ploti yetu Kayole, pale tunapoanika nguo. Vijana watano wa ploti hupanda huko saa kumi jioni jua likishapoa, wanasimamisha simu kwenye ndoo iliyofunikwa, na wanadansi. Video zao ni za sekunde kumi na tano, ishirini hivi. Walikuwa wameitwa kwa shughuli ya mtaa na emsii alitaka majina: la krew, na la kila mmoja. Wakaniletea hiyo risiti kwa sababu tangu niache chuo mwaka wa pili naandika andika, na kwa ploti hiyo inatosha kunifanya mtaalamu wa maneno.

"Brathe, cheki kama inabamba," akasema aliyejiita Dere.

Jina la krew lilikuwa Nganya. Wazo lenyewe si baya. Nganya ni ile matatu iliyopigwa rangi mpaka ikasahau ni gari, yenye muziki unaoisikia kabla hujaiona. Ukitaka neno moja la Nairobi lenye mwendo, kelele na maringo ndani yake, ni hilo. Na majina ya wanachama yalifuata hapo hapo: dereva, kondakta, anayeita abiria stejini, na skwodi, yule wa kushikilia gari tripu mbili mwenyewe akipumzika. Yanaoana. Ukiyasikia unajua ni ya nyumba moja.

Shida ni kwamba majina yanayooana hivi yanatengeneza sentensi, na sentensi ina mtendaji na mtendwa. Dere anaendesha. Kange anakusanya pesa. Abiria anabebwa. Kazi za matatu ni nne tu, wao walikuwa watano, na aliyebaki bila kazi alikuwa msichana pekee kwenye krew, ambaye, niseme ukweli bila kupendelea, ndiye anayejua kudansi kuliko wote. Hakulalamika. Alisema tu "ni sawa," akaanza kukunja mkeka. Mtu akisema ni sawa huku anakunja mkeka, si sawa.

Hii ndiyo hoja yangu, na naomba tuishike mpaka mwisho: ukitaka kujua kama seti ya majina ni nzuri, usiangalie jina la kwanza, angalia la mwisho. La kwanza huwa tamu siku zote, kwa sababu ndilo lililozaa wazo. La mwisho ndilo linaloonyesha kama wazo lilikuwa na nafasi ya watu wote au lilikuwa la mtu mmoja na marafiki zake.

Wala si ugonjwa wa simu huu. Kwenye pwani yetu, tangu miaka ya 1890, kulikuwa na ngoma ya beni. Vijana wa Lamu na Mombasa waliiga bendi za wazungu, wakavaa sare, wakajigawa kwa makundi yanayoshindana. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Baadaye Tanganyika kukawa na Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu habari hizo mwaka 1975. Ndani ya kundi, watu walipewa vyeo vya kijeshi na vya kiserikali, na vyeo hivyo viliendana na jina la kundi na sare zake. Lakini angalia tofauti: kwenye beni cheo kilikuwa sehemu ya mchezo wenyewe, na kila mtu alijua kuna wa juu na wa chini. Vijana wangu hawakutaka vyeo. Walitaka majina, vyeo vikaingia kwa dirisha kama kange bila wao kujua.

Mfano mwingine unaonisaidia uko mbali, Fresno, California, mwaka 1977. Kijana anayejulikana kama Boogaloo Sam alianzisha kundi ambalo baadaye liliitwa Electric Boogaloos. Mdogo wake aliitwa Popin' Pete. Kukawa na Robot Dane, Creepin' Sid, Puppet Boozer. Tazama yanavyofanya kazi. Neno la kwanza linasema mwili wa huyo mtu unafanya nini: unadunda misuli, unatembea kama roboti, unanyata, unaning'inia kama mwanasesere wa kamba. Hakuna anayemfanyia mwenzake kazi. Hakuna aliyebebwa. Na seti iko wazi: akija wa sita, unamwangalia anavyocheza, unampa neno lake. Seti ya kazi za matatu haina mlango huo. Ikijaa imejaa, na ikitoka mmoja inabaki na pengo. Krew ya Nganya bila Dere ni mzaha unaojiandika wenyewe kwenye komenti.

Basi nikawaambia tusitupe nganya, tuifungue boneti. Tuache kazi za watu, tuchukue vitu ambavyo gari hufanya. Halafu kila mmoja acheze peke yake sekunde thelathini, wengine wanne waseme wameona nini.

Msichana akaanza. Ana kitu kimoja ambacho nimewahi kuona kwa wachezaji wachache: anakuja kwa kasi, mikono na mabega yote yanaenda, halafu biti ikikatika anasimama kufa. Hata suka za nywele unaona kama zimesimama. Kabla sijauliza, mmoja akapiga kelele, "Breki!" Ikaisha hapo. Anayebadilisha spidi katikati ya stepu akawa Gia. Mwenye kuzunguka kwa mguu mmoja akawa Kona. Yule mwenye mdomo, ambaye hata video ikiwa bila sauti unaona anapayuka, akawa Honi.

Wa tano ndiye aliyetusumbua. Yeye hucheza chini, magoti yamekunjwa, anadunda dunda. Wakataka kumwita Shoki, kutoka kwa shoki za gari. Nikakataa. Shoki ni dansi ya Naijeria iliyovuma sana karibu mwaka 2014, na mtu akitafuta jina hilo kwenye simu atapata ile dansi, hatampata kijana wetu wa Kayole. Akawa Springi. Alinuna kidogo, halafu akaenda chini kabisa na kuinuka bila kugusa sakafu, akasema, "Eh, hiyo ni mimi."

Breki, Gia, Kona, Honi, Springi. Sema kwa sauti. Kila moja lina silabi mbili, mkazo uko kwenye ya kwanza, kwa hivyo umati unaweza kulipiga kwa makofi mawili. Dere na Kange yangeweza. Manamba tayari yanachechemea, na Abiria yenye silabi nne inamfanya emsii apumue katikati. Mambo haya hayaonekani kwenye risiti. Yanasikika ukipewa maikrofoni.

Na kuna kitu Kiswahili chetu kinafanya hapa ambacho Boogaloo Sam hangekipata kwa lugha yake. Breki ni kitu, kwa hivyo tunasema breki imekatika, na kila abiria wa barabara ya Jogoo anajua hiyo ni habari ya kuombewa. Lakini siku utakaposema Breki amekatika, hapo umesema mtu, na umesema amecheza kiuno. Herufi moja imebadilika mwanzo wa kitenzi na gari likawa binti. Nilipowaonyesha hilo walicheka mpaka mama wa ghorofa ya tatu akauliza kuna nini. Jina la jukwaani likiweza kuchukua ngeli ya watu bila kujikwaa, limeshakuwa jina.

Jina la krew lenyewe ndilo lilikuwa na makosa ya wazi zaidi. Tafuta neno nganya kwenye TikTok na utaona magari, magari na magari tena, kwa sababu mashabiki wa matatu walifika kitambo. Krew ya watoto watano itazama humo. Wao walidhani dawa ni kuongeza maneno: nganyadancecrewofficial_ke. Nikawaambia wahesabu herufi. Zilikuwa 26, na jina la akaunti ya TikTok halipiti 24. Hata lingepita, hakuna mtu wa kulitamka kwa rafiki yake ndani ya matatu yenye muziki. Na neno "official" huwa linabebwa na mtu ambaye kuna anayeweza kumwiga. Nyinyi bado hakuna anayewaiga, nikasema, msianze kujitetea.

Tukajaribu maneno mawili yanayoshikana. Kipimo changu kilikuwa kimoja: mwambie shosho yako jina hilo kwa simu mara moja, kisha mwombe aliandike. Akikosea, watu watakosea. Jina lililopita likawa Boneti Wazi. Herufi kumi bila nafasi, hakuna la kuruka, na linasema walichofanya hasa: njoo uone ndani kuna nini. Nani alilitoa? Breki. Alikuwa amerudisha mkeka chini.

Sitaki kudai kwamba seti hii haina kasoro. Imefungwa kwenye gari, na siku wakitaka kucheza kitu cha huzuni, Honi atapata shida. Majina ya wazo moja huwa yanachosha haraka kuliko majina ya kubahatisha. Ethic, waliotupatia Lamba Lolo mwaka 2018, walikuwa Rekles, Swat, Seska na Zilla, majina yasiyojuana kabisa, na kila mmoja angeweza kusimama na lake popote bila kueleza wengine wako wapi. Hiyo ni faida ambayo Kona na Springi hawana kwa kiasi hicho. Kona peke yake kwenye bango atauliza, kona ya wapi?

Ndiyo maana kabla ya kushuka tuliandika mambo mawili nyuma ya ile ile risiti. La kwanza, jina Boneti Wazi ni la wote watano, na nywila ya akaunti itakuwa kwa watu wawili wasio ndugu. La pili, jina la mchezaji ni lake. Januari Gia anaenda shule ya bweni. Wengine walitaka kumpa mtu mwingine hiyo nafasi, na jina pia, kama jezi. Breki akasema hapana, atakayekuja atacheza kwanza tumwone, halafu atapewa lake. Gia ataenda na lake.

Risiti iko kwangu. Upande wa pili bado unasoma Abiria, imekatwa kwa mstari mmoja.