‘Kwa nini?’ na ‘Endelea’: Neno moja lenye sentensi nzima

LIPO dai ambalo nimelisikia mara nyingi kutoka kwa walimu wenzangu wa lugha, kwamba mtu anayejibu arafa kwa neno moja ni mvivu wa kuandika. Ati aliyejibu “Kwa nini?” au “Endelea” hakutunga sentensi, na kwa hivyo asilaumu mtu akieleweka vibaya.

Sikubaliani na dai hili. Neno moja linalofuata ujumbe wa mtu mwingine ni sentensi kamili ambayo sehemu yake kubwa imeachwa katika ujumbe huo uliotangulia. Wanaisimu huuita mtindo huu udondoshaji. Mwaka 1969, mwanaisimu John Robert Ross alieleza jinsi kiulizi kinavyoweza kubaki peke yake katika Kiingereza, kishazi kilichokifuata kikadondoshwa, na bado msikilizaji akajua kilichoachwa. Kiswahili nacho hufanya hivyo kila siku. Kosa, aghalabu, huwa la mpokeaji: hujibu swali alilolitarajia badala ya lile aliloulizwa.

Kazi ya mpokeaji basi ni kukirejesha kilichodondoshwa. Mtu akisema “Sitakuja”, nawe ukamwuliza “Kwa nini?”, swali lako kamili ni “Kwa nini hutakuja?” Nafsi imebadilika kutoka ya kwanza hadi ya pili, lakini wakati na ukanushi vimebaki. Akikuamuru “Njoo kesho”, swali lako huwa “Nije kwa nini?” Hapo huulizi chanzo cha jambo lililotokea, unauliza lengo la jambo unalotakiwa kulifanya. Ugumu huanza pale ujumbe unapokuwa na zaidi ya kauli moja. Mtu akisema “Sidhani atakuja”, “Kwa nini?” yaweza kuwa “Kwa nini hudhani hivyo?” au “Kwa nini hatakuja?” La kwanza lataka ushahidi wa msemaji, la pili lataka sababu za yule asiyekuja.

Hebu tuchukue mfano wa chama kilichokubaliana kikaoni kumpa mwanachama aliyefiwa Sh30,000. Siku chache baadaye, katibu anamwandikia mzee aliyeongoza kikao hicho: “Shikamoo Mzee. Mchango wa msiba umepunguzwa hadi Sh20,000. Tutaupeleka Jumamosi badala ya leo.” Mzee anajibu: “Kwa nini?” Katibu, bila kusita, anaandika: “Mweka hazina amesafiri, atarudi Ijumaa.” Mzee ananyamaza. Katibu anachukulia kimya hicho kuwa ridhaa, na familia ya marehemu inaambiwa kwamba mzee mwenyewe ameafiki fedha zipunguzwe.

Katibu alikwenda mrama wapi? Alilifunga swali kwenye kauli iliyokuwa karibu zaidi nalo, ile ya Jumamosi. Ukaribu ni dalili nzuri, lakini ni dhaifu. Angeanza kwa kuorodhesha kauli zinazoweza kubeba swali hilo, nazo ni mbili: mchango kupunguzwa na siku kubadilishwa. Kisha angejiuliza ni ipi inayokwenda kinyume na jambo ambalo mzee alilijua au alilipitisha. Kikao kilipitisha kiasi. Siku ya kupeleka haikujadiliwa. Kwa hivyo uzito wa swali uko kwenye fedha. Mwisho, angeliandika upya swali kwa ukamilifu na kulisoma kana kwamba ni mzee anayesema: “Kwa nini mchango umepunguzwa, ilhali tulikubaliana Sh30,000?” Swali hilo linamfaa mwulizaji. “Kwa nini Jumamosi?” laweza kuulizwa na yeyote.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi huipuuza. Katibu aliandika “umepunguzwa”, kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda. Mtu anapoulizia sababu ya kitendo kisicho na mwenyewe, mara nyingi huwa anauliza pia ni nani aliyekitenda na kwa idhini ya nani. Jibu kwamba fedha ni chache lingekuwa la kweli na bado lisimtosheleze mzee. Angetaka kujua kikao kipi kiliketi bila yeye.

Ikiwa mzee angeandika “Mbona?”, mambo yangekuwa wazi zaidi. “Kwa nini” huweza kuuliza sababu bila kuonyesha msimamo wa anayeuliza, ndiyo maana hata daktari humwuliza mgonjwa “Kwa nini hukumeza dawa?” bila ugomvi. “Mbona” huja na mshangao au lawama: mambo hayakwenda kama msemaji alivyotarajia. Anayepokea “Mbona?” na atafute kwanza matarajio yaliyovunjwa, kisha sababu.

Tugeukie “Endelea”. Kitenzi hiki kina sharti moja linaloweza kumwokolea mtu fedha: hakiendelei kisichoanza. Tuseme fundi anamwandikia mwenye nyumba: “Ukuta umefika usawa wa madirisha. Saruji imebaki mifuko minne. Wa mabati anataka malipo ya kwanza.” Mwenye nyumba anajibu: “Endelea.” Je, fundi amlipe wa mabati? Hapana. Kujenga ukuta kumekwisha kuanza, kwa hivyo kunaweza kuendelea. Kulipia mabati hakujaanza, na “Endelea” haiwezi kuwa idhini ya jambo jipya. Hilo lingehitaji “Mlipe”. Fundi akitoa fedha kwa neno hilo, atakuwa ameweka kinywani mwa mwenzake sentensi ambayo hakuisema.

Hata hivyo, “Endelea” ina maana nyingine panapokuwa na habari ambayo haijaisha. Fundi angeandika tu “Mzee, kuna jambo kuhusu ukuta…” akajibiwa “Endelea”, hapo anaambiwa aendelee kusema, kama vile mtu anavyoitikia “Enhe!” Kinachoendelezwa ni mazungumzo, wala si ujenzi. Na ikiongezwa “tu” baada ya malalamiko, “Endelea tu!”, basi ni onyo: anayeambiwa hivyo anatakiwa aache. Katika usemi tungeitambua kwa kiimbo. Katika maandishi hatuna ila kuangalia kilichotangulia. Je, kilikuwa kazi, habari ambayo haijaisha, au lawama?

Zipo nyakati ambapo hata baada ya kupima yote haya, maana mbili hubaki. Hapo ndipo wengi hukimbilia “Unamaanisha nini?” Kwa mzee, swali hilo husikika kama ubishi, tena humrudishia kazi yote. Ni afadhali kuyataja yote mawili, lile zito likitangulia: “Mzee, kama ni kuhusu kiasi, tulionelea tubakishe Sh10,000 za matanga. Nilikubaliana na mweka hazina kwa simu, kikao hakijaketi. Kama ni kuhusu siku, mweka hazina atarudi Ijumaa.” Jibu kama hilo huchukua muda mfupi kuandika. Pia humlazimu katibu kumtaja aliyepunguza mchango, jambo ambalo “umepunguzwa” ilikuwa imelificha. Huenda mzee akakataa, na familia ya marehemu ikapewa Sh30,000 zake kama ilivyoahidiwa.