Sifuri, moja, mbili: namna ya kuipima tafsiri ya programu

Anayetaka kujua kama tafsiri ya programu imefanywa na fundi asianze kwa kuisoma. Kwenye faili la mtafsiri sentensi bado zina vishika nafasi: `%d` panapokuja kukaa idadi, `%s` panapokuja kukaa jina. Sentensi ya namna hiyo husomeka vizuri, halafu huharibika pale thamani inapoingia. Kwa hiyo mpimaji huja na thamani zake mwenyewe: sifuri, moja, mbili, jina la mtu, jina la mahali na jina la kitu.

Tuchukulie programu ya kupokelea mahindi ghalani, ambayo karani wa Sumbawanga angeitumia msimu wa mavuno, mizigo ya Laela na Mpui ikisubiri mizani. Jumbe zake ziko kwenye faili la PO, muundo wa gettext unaotumiwa na programu huria nyingi. Ndani yake kuna kipande hiki:

```
msgid "%d bag received"
msgid_plural "%d bags received"
msgstr[0] "Gunia %d limepokelewa"
msgstr[1] "Magunia %d yamepokelewa"
```

Hapa idadi imekaa baada ya jina, kama tunavyosema, na kitenzi kimefuata ngeli katika umoja na katika wingi. Mtafsiri mzuri zaidi angeandika "Gunia moja limepokelewa" kwenye mstari wa umoja na kuiacha `%d`. Ruhusa hiyo ipo, maana mstari ule hautumiki kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja. Mimi humwongezea alama aliyeliona hilo.

Lakini gunia ni mtihani mwepesi, kwa kuwa wingi wake unaonekana kwenye jina lenyewe. Mpime mtu kwa stakabadhi. Mvivu huona jina halibadiliki, akanakili mstari wa kwanza kwenye wa pili, na karani anasoma "Stakabadhi 12 imechapishwa". Faili zima likiwa na mistari ya umoja na wingi inayofanana neno kwa neno, ujue mtafsiri alikuwa anatazama nomino na kusahau kitenzi.

Sasa ingiza sifuri. Kichwa cha faili la Kiswahili kinapaswa kuwa na mstari huu:

```
"Plural-Forms: nplurals=2; plural=(n != 1);\n"
```

Maana yake ni kwamba kila kisicho moja ni wingi, sifuri ikiwemo, na karani ataona "Magunia 0 yamepokelewa". Mara nyingine mtafsiri amenakili kichwa kutoka faili la Kifaransa, chenye `plural=(n > 1)`. Kifaransa huihesabu sifuri pamoja na umoja. Faili litapita ukaguzi wote wa mashine, kisha asubuhi kabla ya mzigo wa kwanza skrini itaandika "Gunia 0 limepokelewa", au vibaya zaidi, "Gunia moja limepokelewa" wakati ghala ni tupu. Yule niliyempongeza kwa kuiacha `%d` ndiye atakayeumizwa zaidi na kichwa kibovu, kwa hiyo vitu hivi viwili havipimwi kimoja kimoja.

Kwenye simu za Android mtego uko upande mwingine. Pale kuna nafasi ya kuandika ujumbe wa `zero`, na mtafsiri mwenye bidii huijaza kwa "Hakuna gunia lililopokelewa". Ujumbe huo hautaonekana hata siku moja. Kanuni za Kiswahili kwenye hazina ya CLDR, ambayo Android huifuata, zina makundi mawili tu, `one` na `other`, na sifuri huangukia `other`. Ukikuta `zero` imejazwa, mtafsiri hakuwahi kuijaribu kazi yake kwenye simu.

Baada ya idadi, angalia mpangilio. Kiswahili mara nyingi hutaka kugeuza sentensi, na hapo ndipo programu hufa. Aliyeandika kwa C alitoa jina kwanza, idadi baadaye. Mtafsiri akitanguliza idadi bila kusema lolote, programu italichukua jina kama namba na namba kama anwani ya maneno kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na mara nyingi itazimika hapo hapo. Dawa ni kuvipa vishika nafasi namba zao:

```
msgid "%s sent %d bags"
msgstr "Magunia %2$d yametoka kwa %1$s"
```

Kosa hili mashine hulikamata. Amri `msgfmt -c` itakataa faili na kutaja mstari, mradi ujumbe umewekewa alama ya `c-format`. Lisilokamatwa ni hili: ujumbe wenye `%s` mbili, ya kwanza mkulima, ya pili ghala. Mtafsiri anaandika "Ghala la %s limepokea mzigo wa %s", aina zinalingana, `msgfmt` inanyamaza, programu inaendelea kutembea. Kwenye skrini: "Ghala la Asha limepokea mzigo wa Laela". Ndiyo maana mfukoni nina jina la mtu na jina la mahali. Ukijaribu kwa "Juma" na "Asha" hutagundua kitu.

Lipo pia kosa la wanaoanza, la kutafsiri hata kilichomo ndani ya kishika nafasi, `%(name)s` ikawa `%(jina)s`. Python haina jina hilo, itasimama na kulalamika. Angalau linajitangaza.

Sehemu ninayoitumia kutofautisha fundi na mjuzi ni ile ambayo `%s` inaingiza jina la kitu, na kitenzi kinapaswa kukifuata:

```
msgid "%s deleted"
msgstr "%s imefutwa"
```

Weka stakabadhi, sentensi iko sawa. Weka ghala, ilipaswa kuwa limefutwa. Weka mkulima, na sasa skrini inasema "Mkulima imefutwa", jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelicheka. Kwa Kiingereza kitenzi hakijali kilichotangulia, na mwandishi wa programu hakuwa na sababu ya kulifikiria. Hakuna kiambishi kimoja kitakachotosha kwa vyote vitatu, kwa hiyo kubadilisha "ime" kuwa "ame" ni kuhamisha kosa tu.

Mjuzi huuondoa upatanisho mikononi mwa `%s`. Ataandika "Ufutaji wa %s umekamilika", ambapo kitenzi kinafuata ufutaji, na ufutaji haubadiliki hata aje nani. Ni sentensi yenye harufu ya ofisi, nakubali, na ikirudiwa kila ukurasa inachosha. Pengine "Umekamilisha kufuta: %s" itakaa vizuri zaidi. Nukta mbili ile si pambo, inalitenga jina na sentensi ili lisidai kiambishi.

Namthamini zaidi anayekataa viraka. Kwenye PO, mstari unaoanza na `#` na nafasi moja ni mahali pa mtafsiri kuandika maelezo yake. Nikikuta pale ameandika kwamba ujumbe huu unaingiza mkulima, ghala na stakabadhi, na kwamba anaomba mwandishi wa programu autenge uwe jumbe tatu, najua alitembea hadi kwenye msimbo kuangalia `%s` hubeba nini. Tangu mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu huria za Kiswahili zimeongezeka, na maelezo ya aina hiyo bado ni adimu kwenye mafaili yake. Nikiyapata mawili matatu, nililobakiza kukagua ni tahajia.