Chakula Tumboni, Nusu Saa Mahakamani: Kesi ya Steven Truscott

Daktari anayechunguza maiti katika kesi ya mauaji huulizwa mambo mawili kabla ya mengine: ni nini kilichomuua marehemu, na alikufa lini. La kwanza mara nyingi huacha alama mwilini ambazo daktari mwingine anaweza kuzitazama na kuzipima upya. La pili haliachi alama ya namna hiyo. Baada ya kifo mwili hupoa, hukakamaa, hulegea tena na kuoza, lakini kila badiliko huenda kwa mwendo wake, kutegemea joto la mahali, unene wa mwili, nguo, upepo na wadudu. Kwa hiyo jibu la kweli kuhusu wakati wa kifo huwa kipindi chenye mwanzo na mwisho, na mara nyingi kipindi hicho ni kirefu kuliko ambavyo mahakama ingependa.

Katika kesi ya Steven Truscott, iliyosikilizwa Ontario, Kanada, mwaka 1959, kipindi hicho kilibanwa hadi kikawa nusu saa. Truscott alikuwa na miaka 14. Jioni ya 9 Juni alimbeba kwenye baiskeli yake msichana wa miaka 12 aliyesoma naye, karibu na kambi ya jeshi la anga iliyokuwa nje ya mji wa Clinton. Yeye alisema alimfikisha kwenye barabara kuu na kumwacha hapo, kisha akamwona akipanda gari. Mwili wa msichana ulipatikana msituni mchana wa 11 Juni, muda wa saa 42 hivi tangu alipoonekana hai mara ya mwisho.

Uchunguzi ulifanywa jioni ileile na Dakta John Penistan, mwanapatholojia wa eneo hilo. Kuhusu chanzo cha kifo hakukuwa na ubishi mkubwa: msichana alikuwa amenyongwa kwa blauzi yake mwenyewe, iliyokutwa imefungwa shingoni. Kitambaa kilikuwa bado mahali pake, na aliyesoma taarifa aliweza kufuata hoja ya daktari hatua kwa hatua. Lakini chanzo hicho hakikusema lolote kuhusu nani aliyefunga fundo. Kilichomgusa mshtakiwa moja kwa moja kilikuwa saa ya kifo.

Ili kuikadiria, Penistan alitazama mambo matatu: ukakamavu wa mwili, kiasi cha kuoza, na chakula kilichokuwa tumboni. Mawili ya kwanza hayakuweza kutoa jibu finyu. Ukakamavu huanza saa mbili hadi nne hivi baada ya kifo, ukionekana mapema kwenye taya, hukamilika kwa takriban saa 12, na katika hali ya hewa ya kawaida hutoweka baada ya siku moja na nusu au zaidi. Joto huharakisha hatua zote hizo, na Juni ile ilikuwa ya joto. Mwili uliokaa msituni karibu siku mbili umeshavuka sehemu kubwa ya safari hiyo, na daktari hawezi kurudi nyuma kwa kuhesabu saa moja moja. Joto la mwili nalo, ambalo ndilo kipimo kinachoaminika zaidi katika saa za mwanzo, halina kazi baada ya muda huo, kwa kuwa mwili huwa umeshalingana na hewa inayouzunguka. Hata pale kipimo cha joto kinapofanya kazi vizuri, chati aliyoitengeneza mtaalamu wa Ujerumani Claus Henssge, inayotumika sana hadi leo, hukadiria kosa la angalau saa 2.8 kila upande, tena kwa mwili uliopatikana mapema na mahali ambapo hali ya hewa inajulikana.

Kikabaki chakula. Tumboni mlikuwa na takriban nusu lita ya chakula ambacho Penistan alikiona hakijasagika sana. Mlo wa mwisho wa msichana, nyama ya bata mzinga na mboga, uliisha kiasi cha saa 11:45 jioni. Penistan alichukulia kwamba tumbo la kawaida hujimwaga ndani ya saa mbili. Kwa kuwa lilikuwa bado na chakula kingi, alihitimisha kwamba kifo kilitokea kabla ya saa mbili hizo kwisha, na mahakamani akasema msichana alikufa kati ya saa 1:15 na saa 1:45 jioni. Truscott alikuwa amerudi kwenye uwanja wa shule mbele ya wenzake ilipofika saa 2:00 usiku. Kama kifo kilitokea kabla ya hapo, alikuwa na nafasi ya kuua. Kama kilitokea baadaye, hakuwa nayo. Kesi nzima ya upande wa mashtaka ilining'inia kwenye uzi huo.

Hoja ya Penistan ina hatua mbili, na kila moja ina udhaifu wake. Hatua ya kwanza ni kanuni ya saa mbili. Tumbo halijimwagi kama mtungi uliotobolewa. Vimiminika hutoka haraka, lakini chakula kigumu hubaki kikisagwa hadi vipande viwe vidogo sana, na ndipo mlango wa chini wa tumbo unapovipitisha kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo. Mlo mkubwa wenye nyama na mafuta kwa kawaida huchukua saa nne hadi sita kutoka wote, na watu wawili wenye afya waliokula sahani zinazofanana wanaweza kutofautiana kwa saa kadhaa. Mtu yuleyule hatumii muda uleule siku zote.

Hatua ya pili ni dhana kwamba tumbo la mtu anayeshambuliwa hufanya kazi kama la mtu aliyeketi nyumbani. Hofu, maumivu na majeraha huamsha mishipa ya fahamu inayopunguza mwendo wa tumbo, wakati mwingine hadi usagaji ukasimama kwa saa nyingi. Hivyo katika mauaji ya aina hii, ambapo mtu huenda alishikiliwa akiwa na hofu kabla ya kufa, chakula kisichosagika kinaweza kuwapo hata kama kifo kilichelewa sana. Kibaya zaidi ni kwamba kosa hili lina mwelekeo mmoja: hufanya kifo kionekane kimetokea mapema kuliko ilivyokuwa. Kwa Truscott mwelekeo huo ndio uliokuwa wa hatari.

Chakula tumboni kinaweza kueleza mambo mengine kwa uhakika zaidi. Kikitambuliwa, huonyesha mlo wa mwisho ulikuwa upi, na kwa hiyo kifo kilitokea baada ya mlo gani. Kama marehemu anajulikana kula samaki mchana na ugali usiku, na tumboni mna samaki peke yake, daktari amesaidia kitu. Kutoka hapo hadi kutaja dakika ni hatua ambayo mwili hauiruhusu. Na mpelelezi anayesoma taarifa anapaswa kujiuliza jambo moja: ukingo finyu wa saa umetoka ndani ya maiti, au umetoka kwa mashahidi waliotaja saa ya mlo na saa ya mwisho ya kumwona marehemu? Katika kesi ya Truscott saa ya mlo ilitoka kwa familia, na kilichotoka kwa mwili kilikuwa chakula na makisio ya mwendo wake. Ila mbele ya juri vyote viwili vilisikika kama kauli moja ya kitabibu.

Tarehe 30 Septemba 1959 juri lilimtia hatiani, na jaji akatamka adhabu ya kunyongwa, ingawa juri lilipendekeza huruma. Mapema mwaka 1960 adhabu hiyo ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na mwaka 1969 Truscott akaachiwa kwa masharti.

Mwaka 1966, baada ya kitabu cha Isabel LeBourdais kuitia shaka hukumu, Mahakama ya Juu ya Kanada iliipitia kesi upya. Wanapatholojia mashuhuri wa zama hizo waligawanyika: Keith Simpson wa Uingereza na Milton Helpern wa New York waliunga mkono makadirio ya Penistan, Francis Camps wa London akayapinga. Majaji wanane kati ya tisa waliiacha hukumu isimame. Jambo moja hawakulijua. Penistan mwenyewe alikuwa ameandika, mwaka huohuo, tathmini mpya inayokiri kwamba aliyoyaona hayakuzuia uwezekano wa kifo kilichotokea saa nyingi baadaye. Maandishi hayo hayakufika mahakamani. Kosa la sayansi la mwaka 1959 linaweza kuelezwa kwa ujuzi wa wakati wake. Kuficha shaka ya mtaalamu baada ya kuandikwa ni jambo zito zaidi, kwa kuwa upande wa utetezi haukuwa na njia nyingine ya kuipata.

Kesi ilifika Mahakama ya Rufani ya Ontario mwaka 2006. Dakta Michael Pollanen, mkuu wa patholojia ya mahakama katika jimbo hilo, alieleza kuwa chakula cha tumboni hakiwezi kutumika kusema kwamba kifo kilitokea kabla ya saa 2:00 usiku. Wataalamu wa wadudu nao walirudi kwenye maelezo ya mwaka 1959 kuhusu funza waliokutwa mwilini. Nzi hutaga mayai mchana, na mabuu hukua kwa mwendo unaotegemea joto, kwa hiyo ukubwa wao unaweza kukadiria ni lini mayai yalitagwa. Lakini vipimo vya joto la pale msituni havikuwapo, na wataalamu walisoma funza walewale wakafikia majibu yanayopingana. Mwili ulifukuliwa mwaka huo ili kutafuta chembe za DNA, na hakuna kilichopatikana cha kumtambulisha muuaji.

Ontario ilipata somo la upande wa pili, wa chanzo cha kifo, katika miaka hiyohiyo. William Mullins-Johnson alikuwa ametiwa hatiani mwaka 1994 kwa kumuua mpwa wake, kwa sababu madaktari walisoma alama fulani mwilini kuwa dalili za kukabwa na kushambuliwa. Uchunguzi mpya ulionyesha kuwa alama hizo zingeweza kuelezwa na damu iliyotuama baada ya kifo na mabadiliko ya kawaida ya maiti, na akaondolewa hatia Oktoba 2007. Hapa mwili haukuwa na blauzi wala fundo: chanzo chenyewe kilikuwa tafsiri ya daktari, na hakuna aliyeipima kwa swali la kama mtoto huyo aliuawa kabisa.

Tarehe 28 Agosti 2007 majaji watano wa Mahakama ya Rufani walifuta hukumu ya Truscott na kumwondolea hatia, wakisema haki ilikuwa imepotoshwa. Hawakutamka kwamba imethibitishwa hakuwa muuaji, kwani ushahidi uliobaki, ikiwamo maiti yenyewe, haukuwa na uwezo wa kuthibitisha hilo wala kinyume chake.